Kutoka picha ya rejesta ya hundi hadi makisio ya fedha ya wiki nne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara na watunza hesabu wa Unguja na Pemba wanaopokea hundi za tarehe ya mbele, wanaoziandika katika rejesta ya mkono, na wanaotaka kujua ni siku gani hasa fedha zitakuwa tayari kutumika. Mfano unaofuatwa mwanzo hadi mwisho ni wa kubuni, nao ni wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi la Chake Chake ambalo mwenyewe hupiga picha ya ukurasa wa rejesta na kumpelekea mhasibu wake aliyeko Unguja. Kipindi chake ni kuanzia Jumatatu tarehe 30 Machi 2026 hadi Jumapili tarehe 26 Aprili 2026. Kimechaguliwa kwa makusudi, kwa sababu ndani yake mna siku tano mfululizo ambazo benki hazifanyi kazi.

Kwa nini tarehe iliyoandikwa kwenye hundi isichukuliwe kuwa siku ya kupata fedha?

Kwa sababu tarehe hiyo inasema jambo moja tu, nalo ni kwamba kabla ya siku hiyo benki haitalipa. Ukiipeleka hundi mapema itarudishwa kwa maelezo kwamba tarehe yake haijafika. Baada ya tarehe kufika bado kuna hatua mbili zinazokula siku. Ya kwanza ni kuipeleka benki, jambo linalowezekana katika siku ya kazi tu na kabla ya saa ambayo tawi limeiweka kuwa mwisho wa kupokea hundi za siku hiyo. Ukifika baada ya saa hiyo, hundi yako itahesabiwa kuwa imepokelewa siku ya kazi inayofuata. Hatua ya pili ni malipano baina ya benki, ambapo benki yako inaidai benki ya mtoaji wa hundi, na benki ya mtoaji inalipa au inakataa.

Tangu mwaka 2015 malipano hayo hupitia mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania ujulikanao kama TACH, ambao husafirisha taswira ya hundi badala ya karatasi yenyewe. Kwa Pemba hili ni jambo kubwa, maana hundi iliyopokelewa Wete haina haja ya kuvuka bahari ili ilipwe na benki yenye makao Dar es Salaam. Hata hivyo karatasi lazima ifike kwenye kaunta ya tawi la benki yako, na mfanyabiashara anayeikabidhi hundi kwa mtu wa boti ili ikapelekwe tawi la Unguja anajiongezea siku ambazo mfumo ulikwisha kumpunguzia.

Kwa hiyo kila hundi ina tarehe tatu, nazo hazipaswi kuchanganywa: tarehe iliyoandikwa, siku ya kuipeleka benki, na siku ya fedha kuingia.

Nitajuaje benki yangu huchukua siku ngapi?

Usiulize kwa mdomo tu. Chukua stakabadhi za kuweka hundi za miezi mitatu iliyopita pamoja na taarifa ya benki ya miezi hiyo hiyo, kisha linganisha siku uliyopeleka kila hundi na siku ambayo kiasi hicho kiliweza kutumika. Zigawe hundi za benki yako mwenyewe, yaani zile ambazo wewe na mtoaji mna akaunti katika benki moja, na hundi za benki nyingine. Katika mfano wetu tumechukua kwamba hundi ya benki ile ile huingia siku hiyo hiyo, na hundi ya benki nyingine huingia siku moja ya kazi baadaye. Kama taarifa zako zinaonyesha siku mbili, weka mbili.

Tahadhari moja katika kulinganisha: taarifa ya benki inaweza kuonyesha kiasi cha hundi siku ile ile uliyoipeleka, lakini salio linaloweza kutumika likabaki lilivyokuwa mpaka malipano yakamilike. Kinachohesabika katika makisio ni hilo linaloweza kutumika.

Picha ya rejesta ipigwe vipi ili isomeke?

Laza rejesta mezani karibu na mlango au dirisha, zima taa ya simu ili isitupe mng'aro juu ya wino, na shika simu sambamba na ukurasa. Picha iliyopigwa kwa mshazari huzipinda safu, na safu ikipinda, kiasi cha mstari mmoja husomwa kana kwamba ni cha mstari wa jirani. Kingo zote nne za ukurasa zionekane pamoja na namba ya ukurasa. Iwapo ukurasa ni mpana, piga picha mbili zinazopishana kidogo, na umwambie mpokeaji kwamba zinapishana, kwa sababu mstari unaoonekana katika picha zote mbili unaweza kuandikwa mara mbili.

Kabla ya kufunga rejesta, andika kwa kalamu chini ya ukurasa idadi ya hundi ambazo bado ziko mkononi na jumla ya viwango vyake, halafu ndipo upige picha. Mistari hii miwili humsaidia msomaji wa picha kuliko kamera yoyote ya bei, kwa kuwa humpa kipimo cha kujua kama alichonakili kimetimia.

Ipeleke picha moja kwa moja kwa mhasibu, wala si katika kundi la familia au la wafanyakazi. Rejesta ina majina ya wateja, benki zao na madeni yao, na hayo ni amana.

Ni mambo gani yanakiliwe kutoka katika picha?

Namba ya hundi, benki ya mtoaji, jina la mtoaji, kiasi, tarehe iliyoandikwa, na hali yake: iko mkononi, imepelekwa, imeingia au imerudi. Nakili mistari yote, pamoja na ile iliyokatwa kwa kalamu, na katika safu ya hali uandike kwamba imekatwa. Mstari uliokatwa ukiuacha kabisa, hutaweza baadaye kusema kama hundi ile ililipwa, ilirudishwa kwa mteja, au uliisahau tu ulipokuwa ukinakili.

Hundi moja hutambuliwa kwa namba yake pamoja na benki yake. Jina la mteja halitoshi, maana mkandarasi mmoja huweza kutoa hundi nne zenye kiasi sawa kwa tarehe nne tofauti, na pengine zote ziliandikwa kwa siku moja.

Nifanye nini na tarakimu isiyosomeka?

Usiikisie kimya kimya. Katika mfano wetu, mstari wa sita unasomeka 1,750,000 au 7,750,000, kwa sababu mwandishi huiwekea moja mkia mrefu unaofanana na saba. Tofauti ya masomo hayo mawili ni shilingi milioni sita, na hiyo inazidi kila kiasi kingine katika ukurasa.

Kwanza tazama jumla. Mwenye duka aliandika chini ya ukurasa kwamba hundi ni saba na jumla yake ni 18,850,000. Ukijumlisha kwa kusoma 1,750,000 unapata 18,850,000 kamili, na kwa kusoma 7,750,000 unapata 24,850,000. Hiyo ni dalili nzuri, lakini haijawa uthibitisho, kwa kuwa aliyejumlisha huenda naye aliusoma vibaya mwandiko wake mwenyewe. Uthibitisho ni kuitoa hundi kwenye kasha na kuyasoma maneno. Kisheria maneno ndiyo yanayotawala pale yanapotofautiana na tarakimu, ingawa benki mara nyingi huirudisha hundi ya namna hiyo ili mtoaji airekebishe. Kwa hiyo ukiona tofauti, mrudie mteja mapema na usingoje siku ya kuipeleka benki.

Mpaka hundi itazamwe, tumia kiasi kidogo katika makisio na uweke alama ya shaka kwenye mstari. Kwa tarehe ya shaka kanuni ni hiyo hiyo kwa upande wa tahadhari: kati ya tarehe 5 na tarehe 15, chukua tarehe 15.

Mbona hundi moja imepotea katika lahajedwali baada ya kuiandika?

Mara nyingi haikupotea. Imehamia mwezi mwingine. Iwapo Ekseli au Google Sheets imewekwa katika mpangilio wa Marekani, ukiandika 10/4/2026 itasoma tarehe 4 Oktoba, na hundi ya Aprili itatoka nje ya makisio yako bila onyo lolote. Ukiandika 15/4/2026 mambo huwa mengine: kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, lahajedwali hulichukua andiko hilo kuwa maneno ya kawaida na kuliegemeza kushoto mwa kisanduku, wakati tarehe halisi huegemea kulia. Kwa hiyo ukiona safu ya tarehe ambayo baadhi zimeegemea kushoto na nyingine kulia, usizisadiki hata zile za kulia, kwani huenda siku na mwezi vimebadilishana.

Dawa yake ni kuandika mwaka kwanza, yaani 2026-04-10, au kubadilisha mpangilio wa nchi kabla ya kuanza kazi. Ukimaliza, panga mistari kwa tarehe na uangalie ya kwanza na ya mwisho. Hundi yenye tarehe ya mbali isiyo ya kawaida itajitokeza yenyewe.

Ni fomula zipi zinazogeuza tarehe iliyoandikwa kuwa siku ya fedha kuingia?

Tengeneza ukurasa wa pili wenye jina Sikukuu, na katika safu A uorodheshe siku za mapumziko. Katika ukurasa wa kwanza, C ni kiasi, D ni tarehe iliyoandikwa, E ni siku ya kupeleka, F ni siku za malipano (0 kwa benki yako, 1 kwa benki nyingine), na G ni siku ya kuingia. Kisanduku J1 kina tarehe ambayo makisio yanaanzia.

```
E2: =WORKDAY(MAX(D2,$J$1)-1,1,Sikukuu!$A$2:$A$30)
G2: =WORKDAY(E2,F2,Sikukuu!$A$2:$A$30)
```

Fomula ya kwanza hurudi nyuma siku moja, kisha hutafuta siku ya kazi inayofuata. Kama tarehe iliyoandikwa ni siku ya kazi inabaki pale pale, na kama ni Jumamosi, Jumapili au sikukuu inasogezwa mbele. Sehemu ya MAX imewekwa kwa ajili ya hundi ambayo tarehe yake imeshapita lakini bado iko kwenye kasha: haiwezi kuingia jana, hivyo inahesabiwa kuanzia mwanzo wa makisio. Hundi kama hiyo iulizwe kwa nini ingali mkononi, maana kwa kawaida ya benki hundi iliyopita miezi sita tangu tarehe yake huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati na hukataliwa.

WORKDAY huchukulia kwamba Jumamosi na Jumapili si siku za kazi. Hilo linafaa hata kama tawi lako hufungua Jumamosi asubuhi, kwa sababu kaunta kuwa wazi na malipano baina ya benki kufanyika ni mambo mawili mbalimbali.

Katika mfano wa Aprili 2026 matokeo yalikuwaje?

Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 3 Aprili. Jumamosi na Jumapili zikafuata, Jumatatu ya Pasaka ikawa tarehe 6, na Jumanne tarehe 7 ikawa Siku ya Karume, kumbukumbu ya Mzee Abeid Amani Karume aliyeuawa tarehe hiyo mwaka 1972. Baada ya Alhamisi tarehe 2, siku ya kazi iliyofuata ilikuwa Jumatano tarehe 8.

| Na. | Tarehe iliyoandikwa | Kiasi (Sh.) | Benki | Kupeleka | Kuingia |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | Jumatatu 30 Machi | 2,400,000 | nyingine | 30 Machi | 31 Machi |
| 2 | Jumatano 1 Aprili | 1,850,000 | ile ile | 1 Aprili | 1 Aprili |
| 3 | Alhamisi 2 Aprili | 3,600,000 | nyingine | 2 Aprili | 8 Aprili |
| 4 | Jumamosi 4 Aprili | 2,950,000 | nyingine | 8 Aprili | 9 Aprili |
| 5 | Ijumaa 10 Aprili | 4,200,000 | nyingine | 10 Aprili | 13 Aprili |
| 6 | Jumatano 15 Aprili | 1,750,000 | nyingine | 15 Aprili | 16 Aprili |
| 7 | Ijumaa 24 Aprili | 2,100,000 | nyingine | 24 Aprili | 27 Aprili |

Hundi ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi. Tarehe yake ni siku ya kazi, inapelekwa benki siku hiyo hiyo, hakuna aliyechelewa popote, na bado fedha zake zinaingia siku sita baadaye. Hundi ya nne, ambayo tarehe yake ni siku mbili baada ya hiyo, inaifuata kwa siku moja tu. Hundi ya saba inatoka nje kabisa ya wiki nne: Sikukuu ya Muungano, tarehe 26 Aprili, iliangukia Jumapili, na Jumatatu inayofuata haigeuki kuwa mapumziko mpaka itangazwe, hivyo kiasi hicho kinaingia tarehe 27, siku moja baada ya makisio kwisha.

Makisio ya fedha yanajengwaje juu ya tarehe hizo?

Anza na salio linaloweza kutumika. Jioni ya Ijumaa tarehe 27 Machi lilikuwa shilingi 1,900,000. Mauzo ya taslimu ya kila siku tumeyaacha nje, kwa sababu duka hili huyatumia kwa matumizi madogo na kwa mizigo ya papo kwa papo. Kama wewe huyapeleka benki, yaongeze kwa kiwango cha siku mbovu, si cha siku nzuri.

Malipo yaliyokwisha kupangwa katika wiki ya kwanza ni mawili: mishahara ya 1,600,000 siku ya Jumanne tarehe 31 Machi, na 6,000,000 za msambazaji wa saruji siku ya Alhamisi tarehe 2 Aprili, ambaye aliomba alipwe kabla ya Pasaka. Sasa fuata siku kwa siku. Jumanne hundi ya kwanza inaingia na mishahara inatoka, salio linakuwa 2,700,000. Jumatano hundi ya pili inaingia, salio linapanda hadi 4,550,000. Alhamisi msambazaji anadai milioni sita, na upungufu unakuwa 1,450,000.

Mtu aliyeiweka hundi ya tatu katika tarehe yake iliyoandikwa angeona salio la 2,150,000 Alhamisi hiyo na angeahidi malipo kwa moyo mkunjufu. Tofauti yote ni hundi moja ya 3,600,000 ambayo mwenye duka anayo mkononi, mtoaji wake ana fedha za kutosha, na bado haiwezi kumlipa mtu yeyote kabla ya tarehe 8.

Kwa kuwa hesabu hii ilifanywa Jumamosi tarehe 28 Machi, palikuwa na siku za kuzungumza. Mwenye duka alikubaliana na msambazaji amlipe 3,500,000 tarehe 2 na 2,500,000 zilizobaki tarehe 9. Salio likashuka hadi 1,050,000 wakati wa sikukuu, likapanda hadi 4,650,000 tarehe 8, na baada ya hundi ya nne kuingia na msambazaji kumaliziwa, likasimama 5,100,000 tarehe 9. Usafiri wa mzigo wa 700,000 siku ya Ijumaa tarehe 10 unaliacha 4,400,000.

Hundi ya mteja ambaye hundi zake zimewahi kurudi niihesabu vipi? Niikate kwa asilimia?

Ninapinga kukata kwa asilimia pale hundi zinapokuwa chache. Mteja wa hundi ya tano amewahi kurudishiwa hundi. Ukisema ana uwezekano wa asilimia 70 na ukaandika 2,940,000 badala ya 4,200,000, umeandika kiasi ambacho hakitaingia kamwe. Ama zitaingia milioni nne na laki mbili kamili, ama haitaingia hata senti. Asilimia huwa na maana kwa mwenye mamia ya hundi kwa mwezi, ambapo wingi hufidia mmoja kwa mwingine.

Njia inayofaa ni kuandika mistari miwili ya salio. Wa kawaida unaihesabu hundi ya tano tarehe 13, na wa tahadhari haiihesabu kabisa. Jumanne tarehe 14 duka linatakiwa kulipia mabati ya 5,000,000. Katika mstari wa kawaida salio linabaki 3,600,000, na linafika 5,350,000 tarehe 16 hundi ya sita inapoingia. Katika mstari wa tahadhari, Jumanne hiyo kuna upungufu wa 600,000, na tarehe 16 salio linarudi kuwa 1,150,000. Kodi ya ghala ya 900,000 siku ya Jumatatu tarehe 20 inaacha 4,450,000 katika mstari wa kawaida na 250,000 katika mstari wa tahadhari.

Hapo uamuzi unakuwa wazi: malipo ya mabati yasogezwe kutoka Jumanne hadi Ijumaa tarehe 17, na duka litavuka hata kama hundi ya tano itarudi. Litavuka kwa shida, lakini halitakopa.

Je, jumla za wiki hazitoshi? Kwa nini siku kwa siku?

Rudi kwenye wiki ya tarehe 13 katika mstari wa tahadhari. Inaanza na 4,400,000, inapokea 1,750,000, inalipa 5,000,000, na inamalizika na 1,150,000. Kwa hesabu ya wiki hakuna tatizo lolote, kumbe Jumanne na Jumatano akaunti inapungukiwa. Andika jumla za wiki kwa ajili ya kuona mwelekeo, lakini wiki yoyote yenye malipo makubwa kuliko salio lake la kuanzia ifungue siku kwa siku. Kwa jumla za wiki, ambapo L2 ni Jumatatu ya kwanza, fomula hii inatosha:

```
=SUMIFS(C:C,G:G,">="&L2,G:G,"<="&L2+6)
```

Mteja akisema "nivumilie kidogo, usiipeleke bado," nibadilishe nini?

Usiguse tarehe iliyoandikwa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyo kwenye karatasi na ndiyo utakayoihitaji kupima miezi sita. Ongeza safu ya tarehe mliyokubaliana, na siku ya kupeleka ihesabiwe kutoka humo. Andika pia ni mara ya ngapi anaomba. Hundi iliyoahirishwa mara ya pili naiondoa katika mstari wa tahadhari, hata kama mwenyewe ni jamaa na ni mtu wa maneno mazuri. Maahirisho ni taarifa juu ya salio lake, na aghalabu hufika kabla ya taarifa ya benki.

Hundi ambazo duka lenyewe limewapa wengine ziingie wapi?

Zihesabu kuwa zinatoka siku ile ile ya tarehe iliyoandikwa, au siku ya kazi inayofuata iwapo tarehe imeangukia mapumziko. Usizipe siku za malipano kana kwamba ni nafasi ya kupumua. Aliyeipokea anaweza kuwa na akaunti katika benki yako, na hapo fedha zitatoka siku hiyo hiyo.

Idd niiandikeje katika orodha ya sikukuu, nayo inategemea mwezi kuandama?

Weka siku zote zinazowezekana. Iwapo Idd inaweza kuangukia Alhamisi au Ijumaa na mapumziko ni siku mbili, orodhesha Alhamisi, Ijumaa na siku nyingine yoyote inayoweza kuguswa, kisha ondoa isiyohusika mara tu tangazo litakapotoka. Makisio yatakuwa yamechelewesha fedha kwa siku moja, na kosa la upande huo halimuumizi mtu. Kwa Idd el-Hajj inayotarajiwa mwishoni mwa Mei 2026 jambo hili lizingatiwe mapema, kwani mishahara nayo hulipwa siku hizo hizo.

Hundi isipoonekana kwenye akaunti siku iliyotarajiwa, nifanye nini?

Asubuhi ya siku ya kazi inayofuata, tazama taarifa ya benki kabla ya kumpigia mteja. Huenda hundi ilipokelewa baada ya saa ya mwisho, na hapo unachohitaji ni kusogeza siku moja. Kama imerudi, soma sababu iliyoandikwa, kwa sababu kila sababu ina tarehe yake mpya. Saini isiyolingana au tofauti ya maneno na tarakimu hurekebishwa kwa hundi nyingine, na fedha zinaweza kupatikana ndani ya siku chache. Salio lisilotosha ni habari nyingine: mstari huo uandikwe umerudi, kiasi chake kitoke katika mistari yote miwili ya makisio, na kirudishwe tu mteja atakapotaja siku na njia ya kulipa. Toa pia ada ambayo benki imekukata kwa hundi kurudi, na hundi nyingine za mteja huyo huyo zilizoko kwenye kasha zihamishe upande wa tahadhari siku hiyo hiyo.

Picha mpya ipigwe kila baada ya muda gani?

Mara moja kwa wiki inatosha kwa duka la ukubwa huu, ikiwezekana Jumamosi, ili hesabu iwe tayari kabla ya Jumatatu. Wiki yenye sikukuu katikati, piga nyingine siku mbili kabla ya benki kufunga. Kila mara, aliye dukani azihesabu hundi zilizoko kwenye kasha kwa mkono na kulinganisha na mistari inayosema "iko mkononi". Rejesta ikisema saba na kasha likawa na sita, hundi inayokosekana itafutwe kabla ya kuandika tarehe yoyote mpya.